Umewekwa Benchi na Chuo cha Amerika? Andika Ukurasa Mmoja, Ukae

Wasee, huu ni msimu wa ile barua ya ajabu. Si ndiyo, si hapana. Vyuo vingi vya Amerika hujibu mwisho wa Machi, na kuna wale wanaambiwa wako kwenye orodha ya kungoja. Yaani umepita, lakini kiti hakuna, na huenda kikapatikana.

Binamu yangu aliipata. Ni yeye alinifanya nijue hii story kwa kina, kwa sababu kwetu mimi ndiye "yule wa kuandika". Niliacha kampasi mwaka wa pili na siku hizi naishi kwa kapsheni, lakini ikifika ni barua, familia yote inajua mlango wangu.

Kitu cha kwanza: kuwekwa kwenye orodha si kukubali kungoja. Kwenye potali kuna fomu fupi unayosema ndiyo, nafasi bado naitaka. Usipoijaza, hata uandike barua tamu namna gani, haupo kwenye hesabu. Halafu soma maelezo yao polepole. Kuna vyuo vinasema wazi havitaki barua wala karatasi yoyote ya ziada. Hapo jaza fomu tu na uwaheshimu. Vingine vinakupa sehemu ya kupakia barua. Kama hakuna maelezo kabisa, mwandikie ofisa anayesoma maombi ya eneo letu. Mara nyingi jina lake liko kwenye tovuti ya chuo.

Sasa barua yenyewe. Rasimu ya kwanza ya binamu yangu ilikuwa kurasa mbili za sifa. Chuo chenu kinatambulika duniani, maktaba yenu, maprofesa wenu, tangu utotoni nimeota... Nikamwambia, manze, hao watu wanajua wana maktaba. Wanachotaka kujua ni mambo mawili tu: ukiitwa, utakuja? Na kuna kipi kipya tangu utume maombi?

La kwanza lina sababu yake. Tarehe 1 Mei ndiyo siku ya wengi waliochaguliwa kusema wanaenda wapi na kulipa pesa ya kushikilia nafasi. Baada ya hapo chuo kinahesabu viti vilivyobaki. Kama vimebaki vichache, hakitaki kumpigia mtu atakayejibu "acha nifikirie". Kwa hivyo kama ni kweli, sema moja kwa moja: mkinipa nafasi, nitakuja. Na hiyo sentensi inaenda kwa chuo kimoja. Ukiipeleka kwa vitano, wanne unawadanganya, na jina chini ya barua ni lako.

Hilo la pili ndilo sisi Wakenya tuna silaha ambayo wengi hawaitumii. Angalia kalenda. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025. Kwa hivyo ukitoka Fomu Foo moja kwa moja, maombi yako yanaenda na alama za shule na za mtihani wa majaribio, na mtihani mkubwa wenyewe unakuja baadaye. Binamu yangu alikuwa na B+ ya hesabu kwenye majaribio. KCSE akapata A, na alama ya jumla A-. Alikuwa amepakia karatasi ya matokeo mwezi huo wa Januari, lakini karatasi haijielezi. Msomaji wa kule anaweza kuona herufi tu. Kwa hivyo aliandika sentensi mbili: kwamba huu ndio mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, na kwamba hesabu ilipanda kutoka B+ hadi A. Basi. Hakuna kujipigia makofi.

Kisha nikamuuliza, tangu Januari umekuwa ukifanya nini? Akasema, "Hakuna, nimekaa tu nyumbani." Kumbe hakukaa tu. Ploti yao ina nyumba 14 na mita moja ya stima. Kila nyumba ilikuwa inachanga pesa sawa ya tokeni, na kila wiki vita: huyu ana friji, yule ana shawa ya moto, mama wa mwisho ana balbu mbili na redio. Mwezi wa Februari alienda mlango kwa mlango na daftari, akaandika kila kifaa, wati zake na saa kinazotumika kwa siku. Akazidisha, akagawa, akaonyesha kila nyumba inapaswa kuchanga ngapi. Keyateka alianza kutumia hilo jedwali, na landlodi akakubali kuweka mita ndogo kwa zile nyumba tano zinazokula stima zaidi.

Sasa kumbuka kwenye maombi alikuwa amesema anataka kusoma uhandisi wa umeme. Unaona? Na yeye alikuwa anataka kuweka cheti cha kozi ya saa mbili ya mtandaoni na picha na MCA. Hivyo tulitoa vyote. Jambo jipya linalofuata kutoka kwa yale uliyokwisha kuwaambia lina uzito kuliko vyeti kumi visivyojuana.

Aya ya stima ilianza hivi, kwa Kiswahili changu: "Tangu Februari nimekuwa nikipima matumizi ya umeme ya nyumba 14 zinazotumia mita moja, ili kila moja ilipe inachotumia." Msomaji anaona kazi, anaona idadi, anaona sababu. Barua yote ilikuwa aya nne, haijajaza ukurasa. Ilienda tarehe 4 Aprili, mara moja. Si imeli tatu kwa wiki, si shangazi kupiga simu, si mheshimiwa kuandika "huyu ni mtoto wetu".

Pahali palipokuwa na moto ni pesa. Mjomba alitaka tuongeze laini moja: "Familia itagharamia kila kitu." Alikuwa na nia nzuri, na si mjinga. Vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa wanapochagua mwanafunzi wa nje, na kufikia wakati wa orodha ya kungoja mfuko wa msaada unaweza kuwa umekauka. Lakini binamu yangu aliomba msaada karibu wa gharama yote. Ukiandika mtalipa, chuo kitaitisha taarifa ya benki kabla ya kutoa fomu ya I-20, na bila I-20 huendi kuomba viza ya F-1. Uongo utakufia hapo, ukiwa umeshaaga watu. Nilimwambia, "Mjomba, kwa heshima, hiyo laini siandiki." Alikasirika siku mbili. Laini haikuingia.

Na kuna kile barua haiwezi. Ukitafuta jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set, nenda sehemu ya C2. Vyuo vingi huandika hapo idadi tatu: waliowekwa kwenye orodha, waliokubali kungoja, na waliochukuliwa. Tuseme waliokubali ni 1,500 na waliochukuliwa ni sufuri. Mwaka huo hakuna barua ingesaidia, viti vilijaa. Angalia miaka mitatu minne, kwa sababu idadi inaruka sana.

Binamu yangu aliziangalia, akanyamaza kidogo, akarudi kujaza KUCCPS. Majibu ya orodha yanaweza kuja Mei, Juni, hata baadaye, na yakichelewa sana miadi ya viza nayo inakuwa shida. Kwa sasa anaangalia potali asubuhi na jioni, na katikati anapokea malalamiko ya nyumba nambari 9, ambao wanasema pasi yao haili stima hivyo.