Tumeelewana? Ndiyoooo

Fomu ya maoni tuliyopewa kwanza ilikuwa na safu za kutia alama kutoka 1 hadi 5: sauti, kujiamini, matumizi ya ubao, ushirikishaji wa wanafunzi. Manesi ni watu wa heshima. Kila mtu alimpa mwenzake 4, pale chini akaandika "kazi safi, endelea hivyo," halafu tukaenda kunywa chai. Ukiisoma fomu hiyo huwezi kujua kilichofundishwa, wala ni nani aliyelala.

Zoezi lenyewe ni la zamani. Lilianzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963, na wazo lake ni rahisi: punguza kila kitu. Wanafunzi wachache, dakika chache, ustadi mmoja tu wa kufundisha. Mpangilio tuliofuata ni huu: dakika 6 kufundisha, 6 za maoni, 12 za kupanga upya, kisha unafundisha tena kwa 6 mbele ya kundi jingine, na maoni tena 6. Dakika 36 jumla.

Wiki ya pili mkufunzi wetu alichana ile fomu na kutupa nyingine. Hii haikuuliza maoni yako. Ilikutaka uhesabu. Maswali mangapi yameulizwa? Baada ya kila swali, sekunde ngapi za kimya? Nani amejibu? Mimi nikapewa saa na kalamu.

Aliyefundisha alikuwa dada mmoja wa wodi ya wazazi, na mikono yake inajua kazi kuliko wengi wetu. Somo: kupima presha, hatua ya kushika mapigo kabla ya kuweka stethoskopu. Unashika mapigo kwenye kifundo cha mkono, unapampu hadi yapotee, unaisoma namba hiyo, unatoa hewa yote, unasubiri kidogo. Ukirudi na stethoskopu unapampu 30 zaidi ya namba ile, kisha unashusha polepole, 2 au 3 kwa sekunde. Alieleza vizuri, na sauti yake ilifika hadi nyuma.

Karatasi yangu ilisema mengine. Maswali 9. Kati yake 6 yalikuwa "tumeelewana?" na "tuko pamoja?", na jibu lake unalijua, kile kibwagizo tulichofunzwa tangu chekechea. Matatu yalikuwa maswali ya kweli, na yote alijijibu mwenyewe baada ya sekunde moja hivi. Aisee, alipoonyeshwa alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

Hakuwa peke yake. Mtafiti Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi za madarasa na kukuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanafunzi wanyamavu huanza kusema. Lakini sekunde 3 mbele ya watu, manze, ni ndefu. Mwili wako unakuambia umesahau somo.

Kwenye dakika 12 hakubadilisha kitu kingine chochote. Aliandika maswali mawili kwenye kadi, akafuta "tumeelewana." Mkufunzi naye akatuletea wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza, kwa sababu sisi wenyewe tunaijua presha, na mtu anayejua hajifanyi mjinga vizuri.

Mara ya pili akauliza: "Mapigo yamepotea kwa 170. Utapampu hadi ngapi ukiwa na stethoskopu?" Saa yangu ilifika 4. Msichana mmoja akasema, "200, Sista." Sawa. "Na kwa nini usiishie 150, kama tulivyozoea?" Sekunde 5, 6. Kijana mmoja akajibu taratibu kuwa 170 tayari ndiyo presha yenyewe, kwa hivyo stethoskopu ni ya kuhakikisha tu.

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Wenzake wawili walikuwa wanafikiri hivyohivyo. Akawaeleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee wenye presha ya juu, sauti husikika, hupotea katikati, kisha hurudi. Ukianzia 150 ukaangukia kwenye kimya hicho, sauti ya kwanza utakayoisikia ni labda 130. Utaandika 130, na mzee atarudishwa nyumbani bila dawa.

Raundi hii niliandika: maswali 2, kimya sekunde 4 na 6, wamejibu watu watatu. Muda ukaisha kabla hajafika kwenye kushusha hewa. Mwenzetu mmoja akataka hilo lihesabiwe kama kasoro, tukabishana. Mkufunzi akasema fomu haina safu ya "amemaliza," na yeye hana mpango wa kuiweka.