Tisini na Nne Ile Ile

Mwezi uliopita nilikaribia kugombana na kampuni inayoniuzia mtandao. Nalipia megabiti 250 kwa sekunde, lakini waifai ilinipa 90 hivi. Nikachomeka tarakilishi kwenye ruta kwa waya: 94. Nikarudia usiku wa manane: 94.

Nambari ile isiyoyumba ndiyo iliyonishtua. Msongamano hufanya kasi ipande na kushuka. Kumbe 94 ndicho kiasi kinachobaki kwenye kiungo cha megabiti 100 baada ya vichwa vya pakiti kuchukua sehemu yao. Nikaiuliza tarakilishi:

```
sudo ethtool enp3s0 | grep Speed
```

Jibu likawa `Speed: 1000Mb/s`. Basi upande wangu ulikuwa salama. Lakini amri hiyo huona waya mmoja tu, na kuna wa pili, unaotoka kisanduku cha faiba hadi tundu la `WAN` la ruta. Nikafungua ukurasa wa ruta: tundu hilo lilikuwa kwenye 100.

Megabiti 100 hutumia jozi mbili za nyuzi. Gigabiti hudai zote nne. Uzi ukikatika katika zile jozi mbili za ziada, vifaa vingi huteremka hadi 100 kimya kimya. Waya wangu ulikuwa umebanwa na mguu wa meza. Nikaweka mwingine: 1000, na kipimo kikapanda hadi 240.

Kama tundu lingebaki 100, ningechunguza iwapo ni la gigabiti kweli. Ruta nyingi za bei nafuu hazina. Ile barua kali ya malalamiko nimeifuta.