Kibao cha Saiti Ndio Kinajua Watu

Kama umemaliza uinjinia, uakitekti ama upimaji ardhi na unatafuta mtu wa kukufungulia mlango, majina unayotafuta yameandikwa kando ya barabara. Yako kwa kile kibao kimepigiliwa kwa mabati ya mjengo. Wengi wetu hupita hapo kila asubuhi tukiwa kwa matatu na hatusomi.

Kibao kizuri kinakuambia mambo yote: namba ya ploti, ni nini kinajengwa, mwenye mjengo, akitekti, injinia wa strakcha, mkadiriaji gharama, kontrakta, na namba ambayo mradi ulisajiliwa nayo kwa NCA. Hiyo ni timu nzima. Na kila mmoja wao ana bodi yake inayoweza kukuambia kama ni wa ukweli. Mainjinia wako EBK, makontrakta wako NCA, na akitekti na mkadiriaji gharama wako chini ya bodi moja, BORAQS. Wapima ardhi nao wana bodi yao. Unaweza kutafuta jina la injinia ama kontrakta mtandaoni bila kuomba mtu ruhusa.

Sasa wacha niwape mfano wa jamaa tuliyesoma naye chuo. Alikuwa amejisajili EBK kama injinia mhitimu, ile ngazi ya kwanza unayopata ukiwa na digrii tu. Ngazi hiyo haikuruhusu kupiga muhuri kwa mchoro. Ili ufike ngazi ya kitaaluma unahitaji angalau miaka 3 ya kazi, na kazi yenyewe lazima isimamiwe na injinia ambaye tayari ameshasajiliwa. Hapo ndio wengi hukwama, maana hakuna mtu wa kuwasimamia. Kwa hivyo yeye hakuwa anatafuta doo peke yake. Alikuwa anatafuta sahihi.

Alipiga picha kibao cha fleti moja upande wa Ruaka, akaenda nyumbani akaangalia majina. Injinia alikuwa kwa rejista, ngazi ya kitaaluma. Kontrakta pia alikuwepo. Kesho yake akarudi, lakini hakubeba CV. Alimtafuta foremani.

"Shikamoo mzee. Slabu mnamwaga lini?"

"Alhamisi. Unataka kibarua?"

"Hapana mzee. Nataka kujua injinia anakuja kukagua vyuma lini."

"Jumatano asubuhi. Ukikuja, kuja na helmeti yako, hapa hakuna za wageni."

Hilo swali ndio siri yote, na ningependa mlielewe. Siku ya kumwaga slabu hakuna mtu ana time na wewe. Miksa inazunguka, watu wanakimbia na karai, na foremani amepandwa na hasira. Lakini kabla zege haijamwagwa lazima injinia aje aone vyuma vikiwa wazi, kwa sababu zege ikishafunika hakuna mtu ataviona tena. Anaangalia unene wa chuma, nafasi kati ya kimoja na kingine, na kama vimeinuliwa kidogo kutoka kwa mbao ili zege ipite chini yake. Siku hiyo injinia, kontrakta na foremani wako pamoja, mara nyingi na akitekti pia, na wote wanasimama wakingoja injinia amalize. Wanaongea. Ndio siku ya kuwa hapo.

Jumatano jamaa alifika mapema akakaa kando, akaangalia vijana wakikata vyuma. Chuma huja na urefu wa mita 12. Walikuwa wanahitaji vipande vya mita 4.5 kwa slabu na vipande vya mita 3 kwa ngazi. Walikuwa wanakata vile viwili vya 4.5 kutoka kwa chuma kimoja, halafu ile mita 3 inayobaki wanaitupa kwa rundo. Wakifika kwa ngazi wanachukua chuma kipya na kukata za mita 3. Hesabu ilikuwa hapo chini miguuni mwao: 4.5 na 4.5 na 3 ni 12 kamili, hakuna kinachobaki.

Hakupiga kelele. Alichukua karatasi, akaandika orodha ya kukata ya slabu inayofuata, akampa foremani, si kontrakta. Ukimruka foremani ukaenda kwa mwenye pesa umeshamaliza kazi yako hapo saiti, hata kama uko sawa. Foremani aliisoma, akampelekea kontrakta mwenyewe, akisema ni "ya huyu kijana". Injinia alipomaliza kukagua akamuuliza jina na namba ya EBK. Akatoa simu, akaitafuta palepale, akaiona. Hakuuliza swali lingine la karatasi.

Ndio maana huwa nachoka nikisikia eti usajili ni kulipa ada bure. Saiti ilimpa nafasi ya kuonekana. Rejista ilimfanya aaminike ndani ya dakika moja na mtu ambaye hakumjua. Moja bila nyingine haingetosha. Leo anaandika kazi zake kwa daftari na yule injinia anaweka sahihi.

Lakini kuna upande mchafu, na huja kupitia watu walewale. Miezi michache baadaye kontrakta alimpigia. Alikuwa na kazi nyingine ndogo, mteja ana haraka, michoro imechorwa na "msee fulani". Akamwomba aongee na injinia wake apige tu muhuri, kuna kitu kidogo. Bila hesabu, bila kuona ardhi. Jamaa alikataa, na kontrakta akanyamaza wiki kadhaa. Mwenye muhuri ndiye atatafutwa nyumba ikipasuka, na aliyeleta mchoro kwa kawaida huwa ameshabadilisha laini ya simu. Injinia akiwa taabani, zile sahihi za daftari zingemsaidia nani?

Kama wewe ndio mteja, ama ni mamako anajenga, unaweza kugundua mchezo huu. Usipige ile namba iliyo kwa mchoro, kwa sababu aliyeiba jina pia ameandika namba yake. Chukua jina na namba ya usajili, uliza bodi, mtafute injinia kupitia hapo, kisha umuulize swali moja: umeshafika kwa hiyo ploti? Na umwone siku ya vyuma. Jina ambalo liko kwa kibao lakini halijawahi kuonekana siku ya vyuma, hilo limekodishwa.

Mimi nafanya kazi chini ya mpima ardhi mwenye leseni, na kwetu simu huja kutoka kwa madereva wa lori na maforemani. Lori linamwaga kokoto, bikoni inafukiwa ama inang'olewa, jirani anakuja juu. Foremani anakumbuka yule kijana aliyeacha namba. Mimi naenda kuangalia, lakini kuirudisha bikoni ni kazi ya bosi, kwa sababu sahihi yake ndio inatambulika. Namwambia foremani hivyo waziwazi kabla hatujaongea bei.

Na mtu ambaye hakuna anayemtafuta, sijui kwa nini, ni mkadiriaji gharama. Yeye ndiye anapima kazi ili kontrakta alipwe, kwa hivyo anajua mteja gani analipa kwa wakati na gani anazungusha watu. Kwenye semina za kutafuta pointi za bodi, mainjinia hukaa na mainjinia, wapima ardhi na wapima ardhi. Mimi kwa laini ya chai humtafuta yeye kwanza.