Joho Nisilolivaa

Leipzig, Ujerumani

Kwa Baba na Mama, Kariakoo, Dar es Salaam

Shikamooni wazazi wangu. Natumai waraka huu utawakuta katika afya njema, na jicho la Baba likiendelea kupona. Nami huku sijambo, ila baridi, nayo nimekwisha kuizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele.

Pamoja na barua hii mtapokea picha yangu nikiwa na joho na kofia ya mahafali. Nimeona nitangulize maelezo yake kabla haijafika kwa fundi wa fremu, maana nyumba yetu haikosi wageni, na mgeni akiona picha ukutani huuliza. Picha hii imetengenezwa. Mahafali yenyewe sikuhudhuria.

Mnajua kuwa masomo yangu ya uzamili Uingereza yalimalizika Septemba 2023. Viza ya mwanafunzi wa kozi ya mwaka mmojammoja humwongezea miezi minne baada ya kozi kwisha. Yangu basi ikafika kikomo Januari 2024, na mwezi huohuo nikahamia huku Ujerumani kuendelea na masomo. Mahafali yakawekwa Julai. Ili nirudi kwa siku moja tu, ilinipasa kuomba viza ya matembezi, ambayo mwaka ule ilikuwa paundi 115, nikae majuma matatu hivi nikisubiri jibu, kisha ninunue tiketi na kulipia malazi na joho lenyewe la kukodi. Ndiyo miezi ile Baba alipokuwa akisubiri kutolewa mtoto wa jicho. Nilipiga hesabu mara moja, sikuirudia. Baba, usiseme tena kwenye simu kwamba jicho lako limekula mahafali yangu. Shahada nilitunukiwa bila kuwapo, jina likachapwa kitabuni pamoja na ya wenzangu, na cheti kikaja kwa posta. Nguvu yake ni ileile.

Sasa niwaeleze picha. Mdogo wangu alinipa shauri la haraka: nimtumie uso wangu tu, naye aupeleke kwa kijana mwenye kompyuta hapo mtaani, mwenye majoho tayari ya kubandikiwa sura yoyote. Nilikataa, na sababu yangu Baba ataielewa kuliko yeyote, yeye aliyeuza vitambaa Mtaa wa Uhuru na anayejua mshono kwa kuutupia jicho. Majoho yale ya tayari ni ya shahada ya kwanza: mikono yake mipana, iko wazi, inaning'inia kwa ncha. Joho la uzamili kule Uingereza mkono wake ni mrefu na umefungwa chini kama mfuko. Mkono wa mtu hutokea kwenye mpasuko karibu na kiwiko, na kitambaa kilichobaki huning'inia mtupu. Anayejua atatazama hapo kwanza, kabla hajatazama uso.

Kwa hiyo nilimwomba mwenzangu tuliyesoma darasa moja, mwenye kimo changu, ambaye yeye alihudhuria. Akapigwa picha uani, jua likimjia kutoka kushoto. Nami nikasubiri siku ya jua huku Leipzig, nikasimama saa ileile ya mchana, jua likinijia kushoto vilevile, kamera usawa wa kifua na hatua nne mbele yangu kama ilivyokuwa kwake. Kupiga ndani ya nyumba hakufai, kwani taa hugeuza uso manjano na joho la nje halikubali uso wa ndani. Kisha kwenye kompyuta nikaziweka picha mbili kama karatasi mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, nikafuta ya juu polepole mpaka ya chini ikatokea pale ninapotaka. Kiungo kiko shingoni, na mtandio wangu umekisitiri. Kofia ndiyo iliyonichosha. Ubao wake wa mraba hutupa kivuli kwenye paji la uso, na mimi nilipopigwa picha sikuwa na kofia, hivyo paji langu liling'aa kama sahani. Kivuli kile nimekichora kwa mkono, wepesi juu ya wepesi, jioni tatu. Picha nyingi za namna hii hushikwa hapo: kofia ipo, kivuli hakipo.

Mama, najua wewe hutatazama kivuli. Utatazama mikono, na utasema si yangu. Ni kweli. Ni mikono ya mwenzangu, na pete ile ni yake. Ningeweza kuifuta, nikaiacha.

Mdogo wangu alitaka pia tuongeze ukumbi nyuma yangu, na mkuu wa chuo akinipa mkono, na ninyi wawili mmekaa mstari wa mbele. Hapo tulibishana sana. Hoja yake haikuwa dhaifu. Alinikumbusha picha yenu ya harusi, iliyopigwa studio mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi; hakuna aliyewahi kuwauliza ni pwani gani ile. Alinikumbusha pia habari niliyomsimulia mwenyewe, ya marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekata na kuunganisha picha kwa mikono, zama ambazo kompyuta hazijafika kwenye studio zetu, akamweka mtu ndani ya ua au tunda, na watu wakazipenda. Lakini atazamaye mtu ndani ya tunda hadanganyiki, na pazia la studio lajulikana kuwa pazia. Mkono wa mkuu wa chuo ungesema jambo lilitokea, nalo halikutokea. Joho linasema nina shahada, na ninayo. Nyuma yangu, basi, nimeacha rangi ya kijivu tupu. Na kuwaweka ninyi katika ukumbi ambao hamkuufikia, kwa kuwa fedha ya safari haikuwapo, moyo wangu ulikataa.

Limebaki la uchapaji. Picha nimeifanya kwa kipimo cha sentimita 20 kwa 30, ambacho kikichapwa vizuri huhitaji nukta 2,400 hivi kwa 3,600. Mdogo wangu asiichukue ile niliyoituma WhatsApp kama picha ya kawaida, maana njiani hupunguzwa, upande mrefu ukabaki na nukta 1,600 hivi. Kwa ubora uleule hiyo inatosha kipande cha sentimita 13 na nusu tu. Ukiikuza, uso hulainika kama uliopakwa mafuta na kingo za kofia zikavunjika vipandevipande. Achukue ile niliyoituma kwa njia ya Document, hiyo haipunguzwi. Na fundi akitaka kuning'arisha uso, amwambie asiguse, kwani akiung'arisha kivuli changu kitapotea.

Nyuma ya picha nimeandika jina langu, jina la shahada, na maneno haya: imetengenezwa kwa picha mbili. Mkiiweka kwenye fremu, maneno hayo hayataonekana, nami siombi yaonekane. Shangazi akiuliza ukumbi ulikuwaje, mwambieni sikuwapo, kisha mwonyesheni cheti, ambacho nimekituma nakala yake katika bahasha hiihii. Mama, iweke mbali na dirisha la upande wa barabarani. Jua la mchana pale liliimaliza picha ya Bibi.

Wasalaam,
Binti yenu