Ukifuta video na nafasi hairudi

Watu wakiona bakapu ya Mac imekataa, wa kwanza kulaumiwa huwa ni diski ya nje. Mimi naona mara nyingi inaonewa bure.

Chukua huyu rafiki yangu anayepiga video za harusi. Mac yake ni ya GB 256, diski ya nje ni ya GB 500. Time Machine ikagoma. Akaipitisha diski ya nje kwa First Aid, ndani ya Disk Utility, ikakaguliwa masaa kadhaa na haikupatikana na kasoro. Hiyo hatua ni sawa kabisa. Kama ingesema diski haitengenezeki, basi ungetafuta nyingine, stori iishe. Pia diski ya nje kujaa si balaa sana, kwa sababu Time Machine hufuta yenyewe bakapu za zamani kabisa.

Shida ilikuwa ndani ya Mac. Kabla ya kunakili chochote, Time Machine hupiga snapshoti, yaani hugandisha hali ya diski ya ndani ilivyo wakati huo. Ikikosa nafasi ya hiyo kazi, bakapu inakufa hapo hapo.

Sasa, yeye alikuwa ashafuta GB 70 za harusi za zamani, zenye wateja walishapewa na nakala iko kwa diski ingine. Akamwaga hadi takataka. Nafasi? Wapi! Snapshoti hupigwa karibu kila saa na kukaa masaa 24, na ile ya bakapu ya mwisho iliyofaulu hukaa zaidi. Mradi snapshoti moja bado inaikumbuka hiyo video, ile sehemu ya diski haiachiliwi. Mac inafaa kuzifuta yenyewe nafasi ikibana, lakini wakati mwingine inachelewa.

Akajaribu kuingiza folda ya faili za muda za kuediti kwa orodha ya vitu vya kurukwa, pale Options za Time Machine. Hiyo inapunguza kinachoenda diski ya nje, lakini snapshoti hushika diski yote ya ndani, pamoja na hiyo folda. Wengi hawajui hii, na sioni kwa nini haijaandikwa pale pale kwa skrini.

Fungua Terminal uone ziko ngapi:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Kila jina lina tarehe na saa. Futa ukianza na ya zamani, ukiweka tarehe kama ilivyo kwa orodha yako:

```
sudo tmutil deletelocalsnapshots 2025-03-14-101502
```

Itakuuliza nywila. Lakini buda, ukishafuta, ile video haiwezi kurudishwa tena kutoka kwa hiyo snapshoti, so hakikisha nakala iko mahali pengine kwanza.

Yeye alifuta tatu, GB 70 zikarudi, na bakapu ikaanza kusonga.