Linki Pekee Haiiti Mtu

Wasee wengi wanaofanya podkasti hapa Nakuru wana tabia moja. Kipindi kikishapanda YouTube, wanakopi linki, wanaitupa kwa magrupu saba ya WhatsApp na maneno "kipindi kipya kimetoka, tusapotiane," halafu wanakaa kungoja. Kesho yake ni lawama, ati watu wa mtaa hawasapoti vya kwao. Mimi naona mtaa unaonewa. Nenda steji usikilize makanga. Hakuombi usapoti gari. Anaita "Njoro, Njoro, Egerton!" na ukiuliza pesa ngapi, jibu analo. Anajua unataka vitu viwili tu: inaenda wapi, na itanigharimu nini. Tangazo la kipindi nalo lijibu hayo mawili.

Nichukue mfano mmoja tuumalize. Tulirekodi na mama mmoja wa Mwariki, upande ambao Ziwa Nakuru limekuwa likipanda kwa miaka. Watu wa mbali wanajua tu kwamba flamingo walipungua maji yalipoongezeka na chumvi ikazimuka. Huyu mama anajua maji kama kitu kinachofika mlangoni. Kipindi kilikuwa dakika 38. Kazi ilikuwa kupata sekunde kama 40 za kukiita.

Kipande kilichokuwa na moto kilikuwa wazi. Nilimuuliza, "Mama, mbona hukuhama mapema?" Akasema, "Mwanangu, nilikataa kuhama." Ukikata hapo, una klipu ya sekunde 6 ambayo itakimbia kama moto wa nyasi kavu. Komenti pia unazijua: mzee mkaidi, alitarajia nini, na mengine mabaya kuliko hayo. Lakini yeye hakunyamaza hapo. Alivuta pumzi, akaendelea: "Hapo ndipo nimemzika baba yao." Klipu yetu ikaishia baada ya hayo maneno, na kimya chake cha sekunde mbili tukakiacha.

Hii ndiyo sheria yangu ya kwanza. Wengi watakaoona klipu hawatafungua kipindi kamwe. Kwao, klipu ndiyo kipindi. Kwa hivyo lazima iwe ya kweli hata ikisimama peke yake. Jipime hivi: kama aliyesema angeionyesha familia yake bila kuanza kueleza, iko sawa. Kama ingebidi aseme "ngojeni, sikumaanisha hivyo," rudi ukakate upya.

Mambo ya mkono ni machache. Klipu iwe wima, 1080 kwa 1920, na maneno yaandikwe juu ya video, kwa sababu mtu yuko kwa matatu na sauti imezimwa. Hayo maandishi usiyaweke chini kabisa wala kulia kabisa. TikTok na Instagram hapo huweka jina lako, maelezo na vitufe, na sentensi yako inafunikwa. Yaweke katikati, chini ya kidevu cha anayeongea.

Kichwa nacho kinaonewa sana. "Ep. 14 | Mazungumzo Moto na Mgeni Wetu" inamwambia msomaji nini? Simu hukata kichwa kirefu, kwa hivyo maneno mazito yatangulie na namba ya kipindi ikae mwisho. Sisi tuliandika: "Kwa nini sikuhama maji ya Ziwa Nakuru yalipofika mlangoni." Kichwa kinauliza swali, klipu inafungua mlango wa jibu, na kipindi kinalijibu. Kama jibu haliko ndani ya kipindi, hicho kichwa ni uongo, na watu hawasahau.

Sasa linki. Hapa ndipo wengi wanapoteza watu bila kujua, kwa sababu linki haifanyi kazi sawa kila mahali. Kwa maelezo ya posti ya Instagram, linki ni maandishi tu, huwezi kuibonyeza. Inabonyezeka kwa bio, ama kwa Stories ukitumia kibandiko cha linki. Kwa YouTube Shorts, linki kwenye maelezo na komenti zilizimwa mwaka wa 2023. Unachofanya ni kuunganisha Short na video ndefu ukiwa ndani ya YouTube Studio. TikTok nayo, usiandike linki ndefu kwa maelezo ukitarajia mtu aikariri. Mwambie jina la podkasti na maneno mawili ya kutafuta. WhatsApp ndiyo rahisi: linki inafunguka, tena inakuja na picha. Lakini hiyo picha inavutwa na simu yako kabla ya kutuma. Ukituma kwa haraka, inaenda linki tupu kama ya matapeli. Ngoja picha itokee ndiyo utume.

Na kwa WhatsApp kuna kitu kizuri zaidi. Usimtume mtu mwanzo wa dakika 38, mpeleke pale klipu ilipoishia. Kama ni dakika ya 12 na sekunde 34, zidisha 12 kwa 60 uongeze 34, unapata 754. Unaandika hivi, ukiweka namba ya video yako:

```
https://youtu.be/VIDEO_ID?t=754
```

Akibonyeza, anaingia moja kwa moja kwenye sentensi inayofuata. Akipendezwa, atarudi mwanzo mwenyewe.

Halafu kuna gharama. Kuna watu kwa grupu lako wana bando ya WhatsApp pekee. Klipu ikiwa ndani ya WhatsApp wataiona. Linki ya YouTube wataibonyeza, itazunguka, wataiacha. Hiyo si chuki. Kwa hivyo weka klipu yenyewe, si linki peke yake, na useme bei mapema. Sauti ya 128 kbps hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hivyo kipindi chetu cha sauti kilikuwa kama MB 36, na video ilikuwa mara nyingi ya hapo. Tuliandika "dakika 38, sauti pekee ni kama MB 36," na linki ya sauti ikatangulia. Mtu anaweza kupanga hiyo na bando ya jioni.

Usitangaze dakika ile umebonyeza kuchapisha. YouTube hutoa kwanza video yenye ubora wa chini, ile safi inafuata baadaye. Spotify na Apple Podcasts nazo husoma mlisho wako kwa wakati wao, na inaweza kuchukua masaa. Fungua kila linki kwa simu ya mtu mwingine. Kwa simu yako mwenyewe, hata video uliyoisahau ikiwa "Private" itacheza vizuri tu, kwa sababu wewe ndiye mwenyewe.

Baada ya siku mbili, ingia YouTube Studio uangalie wanaotoka nje, pale palipoandikwa "External." Kama WhatsApp iko juu na watu wanakaa, tangazo lilisema ukweli. Kama wanaingia wengi na kutoka kwa sekunde 20, klipu iliahidi kitu ambacho kipindi hakina. Hapo usilaumu mtaa, soma kichwa chako tena.

Na kabla ya hayo yote kuna simu moja ya kupiga. Klipu ya yule mama ilienda kwake kwanza, kabla ya grupu lolote. Aliitazama mara mbili, akaniambia neno moja limeandikwa vibaya: tuliandika "nilimzika," na yeye alisema "nimemzika." Kwake tofauti ni kubwa. Tukarekebisha, ndiyo tukaposti.