Miaka Minane Isiyo na Mshahara: Namna Tulivyoiandika katika Barua ya Kazi



Katika nyumba yetu, hapa Lubumbashi, tulibishana majuma mengi juu ya mstari mmoja tu wa karatasi. Sisi ni mume na mke, wazazi wa watoto watatu. Mama wa nyumba hii alikuwa karani wa hesabu katika duka moja la jumla tangu mwaka 2009 hata mwaka 2016. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, tulipatana kwamba mama abaki nyumbani kumlea. Wa pili alizaliwa mwaka 2018, na wa tatu mwaka 2021. Mwaka 2024, huyo wa mwisho alipokaribia kuingia shule ya watoto wadogo, tuliona kwamba mshahara mmoja hautoshi tena kwa unga, kodi ya nyumba na masomo. Basi mama akaamua kurudi kazini.

Anayeomba kazi hapa kwetu huombwa kuleta barua, nakala za diploma, cheti cha utumishi kilichotiwa sahihi na bwana wake wa zamani, pamoja na ile karatasi ya maisha ya kazi ambayo watu wa mjini huiita seve. Barua haikutusumbua. Seve ndiyo iliyotusumbua, maana ni karatasi inayohesabu miaka, na sisi tulikuwa na miaka minane ambayo hatukujua tuiite jina gani.

Baba wa nyumba ndiye aliyeshika kalamu kwanza. Aliona kwamba shimo la miaka minane litamtisha kila bwana wa kazi, kwa hiyo akaandika kwamba mama alifanya kazi dukani tangu 2009 hata 2020. Alisema, «Ni miaka minne tu tumeongeza, na duka lenyewe limekwisha kufungwa.» Mama alisitasita, lakini akaipeleka karatasi. Katika biro moja karani aliiweka seve kando ya cheti cha utumishi, akatia kidole juu ya tarehe. Cheti kilisema: 30 Juni 2016. Karani akauliza kwa upole, «Mama, tuamini karatasi ipi?» Mama hakuwa na jibu. Alirudi nyumbani kwa miguu, na jioni ile hatukusemezana sana. Tulikuwa tumewafundisha watoto wetu amri ya nane, kumbe sisi wenyewe tuliivunja kwa kalamu. Tena tuliivunja bila faida, maana cheti chetu wenyewe ndicho kilichotushitaki.

Mara ya pili tuliingia katika kosa lililo kinyume cha lile. Tuliziondoa tarehe zote. Tukaandika orodha ya mambo ambayo mama anayajua: kutunza kitabu cha sanduku, kuandika hesabu za wateja, kutayarisha mishahara. Hapakuwa na uwongo hata neno moja. Tulipeleka karatasi hiyo mahali patatu, na hatukupata jibu popote.

Ndipo tulipomwendea mzee mmoja wa parokia yetu, aliyekuwa mkuu wa makarani kwa miaka mingi, naye amesoma barua za kazi zisizo na hesabu. Alivaa miwani, akaitazama karatasi ya pili kwa muda mfupi sana, akamwambia mama hivi:

«Binti yangu, mimi nikiona seve isiyo na tarehe, sisomi tena yaliyoandikwa. Ninatafuta kilichofichwa. Nitawaza kwamba mtu huyu alifukuzwa kazi, ama alikula fedha za sanduku, ama alifungwa. Kulea watoto si jambo la kuwazia mabaya. Lakini usiponiambia, nitawaza mabaya, maana nina barua nyingine arobaini juu ya meza.»

Mama akajibu, «Baba, nikiandika kwamba nilikaa nyumbani miaka minane, si watasema nimesahau kazi?»

Mzee akasema, «Watauliza hilo, na ni haki yao kuuliza. Basi uwajibu kabla hawajauliza. Umejifunza nini tangu mwaka 2016?»

Swali hilo lilikuwa zito kuliko tulivyodhani, kwa sababu kazi ya hesabu yenyewe haikumngojea mama. Nchi yetu iliingia katika mapatano ya OHADA mwaka 2012, na tangu hapo maduka na makampuni hufuata kanuni za hesabu ziitwazo SYSCOHADA. Kanuni hizo zilisahihishwa mwaka 2017, na zile mpya zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Mama aliacha kazi kabla ya hapo. Kwa bahati njema, tangu Februari hata Aprili 2024 alikuwa amefuata masomo ya jioni juu ya kanuni hizo mpya na juu ya hesabu za kompyuta, akapata cheti. Tena tangu mwaka 2019 yeye ndiye mtunza fedha wa jumuiya yetu ya kikristo, yenye jamaa arobaini na mbili. Kila mwezi huandika michango na matumizi, na kila mwisho wa mwaka husoma hesabu mbele ya wote. Mambo hayo mawili tulikuwa hatukuyaandika popote! Tulidhani kwamba pasipo mshahara hapana kazi.

Mzee alitufundisha mpango wenye sehemu mbili. Hapa tunauandika kwa Kiswahili, ingawa karatasi yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Sehemu ya kwanza ni maneno machache ya kujitambulisha, nayo hukaa juu kabisa, chini ya jina na anwani. Sababu yake ni hii. Katika seve, mambo mapya hutangulia na ya zamani hufuata. Kwa hiyo mama aliyekaa nyumbani huonyesha kwanza miaka yake ya nyumbani, na ile ya dukani inabaki chini. Msomaji mwenye haraka huenda asifike huko. Maneno ya juu yanamwambia mara moja huyu ni nani, alifanya nini, ana nini kipya, na anatafuta nini. Mzee alikataa yasizidi sentensi nne. Haya ndiyo tuliyoandika:

«Karani wa hesabu, mwenye miaka saba ya kazi katika duka la jumla: kitabu cha sanduku, hesabu za wateja, mishahara ya watu kumi na wawili. Baada ya miaka minane ya kulea watoto, nimejifunza upya hesabu kwa kanuni za SYSCOHADA zilizoanza mwaka 2018 (cheti cha Aprili 2024). Natafuta kazi ya karani wa hesabu ama ya mtunza sanduku. Naweza kuanza mwezi wa Septemba 2024, siku zote za kazi.»

Mtaona kwamba hamna humo maneno ya sifa kama «mwaminifu» na «mwenye bidii». Mama alikuwa ameyaandika, mzee akayafuta. Alisema kwamba kila mtu hujiita mwaminifu, hata mwizi; lakini mishahara ya watu kumi na wawili ni jambo linaloweza kuulizwa na kuthibitishwa.

Sehemu ya pili ni mfululizo wa miaka, na kila mwaka una mahali pake:

2024: Masomo ya jioni ya hesabu na kompyuta, Februari hata Aprili. Cheti.
2019 hata leo: Mtunza fedha wa jumuiya ya kikristo, jamaa 42, kazi ya kujitolea.
2016 – 2024: Kulea watoto nyumbani.
2009 – 2016: Karani wa hesabu, duka la jumla, Lubumbashi.
2008: Diploma ya Taifa, masomo ya biashara.

Mstari wa tatu ndio ule tuliobishania. Mzee alitaka uwe na maneno matatu tu. Baba wa nyumba alitaka kuupamba, aandike kwamba mama alikuwa mwangalizi wa nyumba na mpangaji wa matumizi ya jamaa. Mzee akacheka. «Mwanangu, ukiipa kazi ya mama jina la kizungu, msomaji atadhani unaionea haya. Iite kwa jina lake, kisha upite.» Hakutaka pia tuandike majina ya watoto, wala miaka ya kuzaliwa kwao, kwa kuwa anayeombwa kazi ni mama peke yake.

Alituonya juu ya miezi. Kwa kazi ndefu, kuandika miaka tu kunatosha, nako si uwongo, mradi mistari yote iandikwe namna moja. Anayeandika miezi mahali pamoja na kuiacha mahali pengine huonekana kama anaficha kitu. Lakini karatasi ya biro ikidai siku na mwezi, zitolewe zile zile zilizo katika cheti cha utumishi, pasipo kubadili hata moja.

Mwishoni alikuta katika bahasha karatasi nyingine, ambayo baba wa nyumba aliiandika kumpa mke wake ruhusa ya kufanya kazi. Akairudisha. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimdai mke awe na ruhusa ya mumewe, lakini sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Tangu hapo mume na mke hupatana wenyewe kwa wenyewe. «Ninyi mmekwisha kupatana,» alisema mzee. «Hilo libaki nyumbani kwenu.»

Mama alipeleka karatasi mpya mahali pane. Wawili hawakujibu, mmoja alijibu kwamba nafasi imejaa, wa nne akamwita. Bwana wa biro hakumwuliza hata kidogo, «Ulikuwa wapi?» Jambo hilo alikuwa amelisoma. Alimwuliza mambo mawili: kanuni mpya zimebadilisha nini, na watoto wakiugua atafanya nini. La kwanza alilijibu kwa daftari la masomo yake. La pili alilijibu kwamba shangazi yao anakaa ua wa pili, na kwamba baba yao naye huomba ruhusa kazini kwa zamu. Alipewa miezi mitatu ya majaribio, kisha akathibitishwa. Mshahara wake ulikuwa chini kidogo ya ule tuliouwaza, maana miaka minane haikuhesabiwa kama miaka ya kazi. Hilo seve njema haiwezi kulibadili, nasi tulilikubali.

Ile karatasi ya kwanza, yenye mwaka 2020 wa uwongo, bado tunayo ndani ya sanduku, chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto. Baba wa nyumba alitaka kuichoma. Mama akasema ibaki, ili siku mtoto wetu mkubwa atakapoandika barua yake ya kwanza ya kazi, tumwonyeshe zote mbili.